Kilichomkamata Kulthum

Mwezi wa pili mwaka 1955, Kulthum, mtoto wa marehemu kaka yangu, aliingia kwenye mtihani wa ualimu akiyajua karibu yote yaliyoulizwa, akatoka akiwa amejibu maswali manne. Maswali yalikuwa ishirini. Nasema alikuwa anayajua kwa sababu siku ileile, aliporudi na karatasi ya maswali kabla ya adhuhuri, aliyajibu kumi na saba jikoni kwangu huku akikuna nazi, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikimsikiliza. Hakukosea hata moja kati ya hayo kumi na saba.

Nimeambiwa mara nyingi niliache jambo hili lipite. Halijapita, na sioni kwa nini lipite.

Nianze na yeye alikuwa nani. Kulthum alizaliwa Siyu, akaletwa kwangu Lamu akiwa na miaka sita baba yake alipofariki. Mimi, Mohdhar, nilikuwa mwalimu katika shule ya wavulana, na kwa kuwa sikujaaliwa mtoto, nilimfundisha yeye kila nilichokijua: kusoma, kuandika, hesabu, jiografia ya nchi ambazo sisi wawili hatutazifikia. Alipofika miaka kumi na minane alianza kuwafundisha wasichana wa jirani katika ukumbi wa nyumba yetu. Walianza watano. Mwaka wa pili walikuwa ishirini na watatu, wengine wakitoka mbali kama Mbwajumali na kulala kwa jamaa zao mjini. Ukumbi ukawa hautoshi, mke wangu Umulkheir akawa hana pa kuanika nguo zake.

Ndipo afisa aliyesimamia shule, Mwingereza aitwaye Bwana Pringle, alipotupa chumba kimoja karibu na shule ya wavulana, na ubao, na madawati. Sharti lilikuwa moja. Mwalimu wa kike lazima afanye mtihani wa serikali wa walimu wasiosomea chuoni. Akipita, darasa linabaki. Asipopita, chumba kinarudi.

Sharti lenyewe silipingi. Anayefundisha watoto wa watu apimwe. Ninachokipinga ni kipimo kilivyotumika.

Kulthum aliketi peke yake katika chumba cha ofisi kilichokuwa na dirisha moja juu sana. Bwana Pringle akaweka saa yake mezani mbele yake, akasema kwa Kiswahili, "Wenzangu wameniambia wanawake wa hapa hesabu hawaziwezi. Tutaona leo." Labda aliona ni mzaha. Kisha akasema, "Kwenye karatasi nataka majibu tu. Sitaki michorochoro." Akaanza kutembea nyuma yake, na viatu vyake vilikuwa vya ngozi ngumu.

Swali la kwanza lilikuwa hili. Mashua tatu zimebeba magunia mia na arobaini na nane kila moja. Robo ya magunia yote ni mtama. Theluthi ya yaliyobaki ni mahindi. Mahindi ni magunia mangapi?

"Ami," Kulthum aliniambia baadaye, "nilipata mia nne arobaini na nne upesi. Halafu nikataka kuigawa kwa nne, na viatu vikafika nyuma yangu, nikajiuliza, ameshaona sijaandika kitu? Nikarudi kwenye hesabu, ile namba haipo. Nikaanza upya. Nikaipata, nikaigawa, nikapata mia na kumi na moja, nikawaza, hii ni ya mtama au ya mahindi? Nikarudi kusoma swali. Nikifika mwisho wa swali, mwanzo wake umeshanitoka. Moyo unanipiga mpaka nausikia masikioni. Nikawaza wale watoto ishirini na watatu. Nikawaza maneno yako."

"Maneno yangu yepi?"

Umulkheir ndiye aliyejibu, naye ni mtu wa Pate asiyemung'unya maneno. "Hukumbuki ulilomwambia yana? Ulimwambia, mui wote unakutazama, usitutie aibu. Mimi nalikuwapo."

Nilikumbuka. Usiku wa jana yake nilikuwa nimemwambia mji wote unamtazama, nikidhani namtia nguvu.

Alasiri hiyo nilikwenda ofisini. Bwana Pringle alikuwa ameshaandika kwenye faili neno moja, *Hafai*, na chini yake sentensi nyingine kwa Kiingereza ambayo alinisomea bila haya. Ilisema kwamba madaftari ya mazoezi yaliyoletwa na mtahiniwa hayalingani na uwezo wake, na inaelekea yaliandikwa na mtu mwingine.

"Mtu mwingine nani?" nikauliza.

"Mwalimu Mohdhar, tusifanyane watoto. Wewe ni ami yake."

Miaka kumi na tisa nimefundisha. Sijawahi kumwandikia mwanafunzi hata herufi moja. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia Kulthum ameyajibu maswali yake jikoni mbele yangu siku hiyohiyo. Alitabasamu. "Jikoni," akasema, "hakuna mtihani." Sikujua wakati ule kwamba alikuwa amesema jambo la kweli kuliko alivyodhani.

Kesho yake madawati yalitolewa. Wazazi waliambiwa mwalimu hafai. Wengine walinisimamisha njiani kunipa pole kana kwamba tumefiwa, na wengine hawakunisimamisha, jambo lililokuwa baya zaidi.

Sasa lazima nieleze jambo la pili, kwa sababu bila hilo hadithi yangu haiendi. Mimi nilikuwa namfundisha Bwana Pringle Kiswahili. Maafisa wa serikali walitakiwa kupita mtihani wa lugha ili wapande cheo, na yeye alikuwa ameshaanguka mara moja. Tulikuwa tukikaa barazani kwake mara tatu kwa wiki. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kweli. Aliweza kusikiliza kesi ya mpaka wa shamba kutoka mwanzo mpaka mwisho na kuuliza maswali ya maana. Niliendelea kumfundisha hata baada ya yale ya Kulthum, kwa kuwa niliajiriwa kwa kazi hiyo, na kwa kuwa, niseme ukweli, niliogopa kuacha.

Mwezi wa nne akaenda Mombasa kufanya mtihani wake mara ya pili. Alirudi baada ya siku sita. Nilimkuta barazani hajanyoa ndevu.

"Nimeanguka," akasema. "Sielewi, Mwalimu. Walikaa watu watatu mbele yangu. Mmoja akaniambia nieleze kesi iliyoletwa barazani. Rahisi kabisa. Nikafungua mdomo, neno *shahidi* likapotea. Neno ninalolitumia kila siku! Nikalitafuta, na nilipokuwa nalitafuta, maneno mengine nayo yakakimbia. Nikasikia moyo wangu unapiga. Nikawa nafikiria watakavyocheka wenzangu. Nilikuwa najua, Mwalimu. Naapa nilikuwa najua."

Niliweka kitabu chini.

"Bwana Pringle," nikasema, "je, na mimi niandike kwenye faili kwamba hufai?"

Alinitazama bila kuelewa.

"Niandike kwamba Kiswahili unachosema hapa barazani umesemewa na mtu mwingine? Yule mtoto aliniambia maneno haya. Haya haya. Mpaka la moyo. Akatoka ofisini kwako akiitwa mjinga na mwongo kwa siku moja. Wewe umepatwa na lilelile, na unataka nikupe pole."

"Hilo ni jambo tofauti."

"Tofauti yake ni ipi?"

Akasema yeye ni mtu mzima mwenye majukumu. Nikamwambia Kulthum ana majukumu ishirini na matatu, na kila moja lina jina. Akasema kanuni zinamruhusu kurudia mtihani mwezi wa kumi. Nikamuuliza kanuni zinamruhusu Kulthum kurudia lini. Jibu lilikuwa halipo popote. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu kama Kulthum atahitaji kurudia.

"Sitakufundisha tena," nikamwambia, "mpaka apewe nafasi ya pili kama uliyopewa wewe."

"Unanitisha?"

"La. Nakuonyesha."

Nikatoka. Njia nzima miguu ilikuwa miepesi, nikajiona shujaa. Nilipofika nyumbani nikamsimulia Kulthum, nikitarajia atafurahi, naye akakasirika kuliko mimi.

"Nani alikutuma, ami? Sitaki kuombewa kama mgonjwa. Akinipa mtihani kwa sababu yako, watasema nimepita kwa sababu yako."

"Mwanangu, bila hivyo hutapata mtihani kabisa."

"Basi nipate. Lakini uwe mgumu vilevile, na usahihishwe na mtu asiyenijua wala asiyekujua. Na kabla ya hapo nataka kukijua kilichonikamata. Nisipokijua, kitanikamata tena."

Hapo ndipo nilipomwona kuwa mwalimu kuliko mimi. Mimi nilikuwa na hasira tu. Yeye alikuwa na hasira na swali.

Bwana Pringle aliandika barua Mombasa baada ya wiki mbili. Jibu lilisema karatasi mpya itakuja imefungwa, na itasahihishwa hukohuko. Siku ilipangwa mwezi wa tisa. Nilirudi barazani kwake kumfundisha, na Kulthum akaanza kazi yake.

Alianza kwa kujipima. Alimwomba Umulkheir amsomee namba moja moja, pole pole, naye azirudishe kinyume, kuanzia ya mwisho. Akiwa ametulia alirudisha tano, na siku nyingine sita. Kisha akaniambia, "Ami, sasa simama nyuma yangu. Sema yale uliyosema usiku ule."

"Sitaki."

"Sema."

Nikasimama nyuma yake, nikasema mji wote unakutazama. Umulkheir akasoma namba. Kulthum akarudisha tatu, akakosea ya nne. Tulirudia siku nyingine, na nyingine, na mambo yalikuwa yaleyale. Mtu mmoja, kichwa kimoja, ila maneno yangu yalikuwa yamekula namba mbili au tatu.

Aliwajaribu na baadhi ya wasichana wake waliokuwa bado wakija nyumbani kwa siri ya wazi. Mmoja, Mwanaarabu, alikuwa hodari akiulizwa kando na bubu akiulizwa mbele ya wenzake. Mwingine, Tima, hakujali kitu, alijibu vilevile hata ukimpigia makelele. "Kwa hiyo si wote," Kulthum aliandika kwenye daftari lake, "na wala si wajinga ndio wanaopatwa."

Jioni moja tulikuwa tumekaa dakani, yale mabaraza mawili ya mawe yaliyo ndani ya kizingiti cha nyumba zetu, ambapo wageni hupokelewa. Akapiga jiwe kwa kiganja.

"Hapa wanakaa watu wangapi, ami?"

"Wanne. Wakibanana, watano."

"Nyumba ina vyumba saba, lakini kazi ya kupokea mgeni inafanyika hapa, penye nafasi ya watano. Naona kichwa ndivyo kilivyo. Niliyojifunza yako ndani, hayakuibiwa. Ila nikitaka kufanya hesabu lazima niyatoe niyaweke hapa nje: swali lenyewe, ile mia nne arobaini na nne, na kile ninachotaka kufanya nayo. Hao ni watatu tayari. Sasa akija Aibu akakaa, na Bwana Pringle akakaa, na mji mzima ukataka kukaa, namba inasukumwa inaanguka. Ndiyo maana nilisoma swali mara tatu. Kila nilipoliweka, halikuwa na pa kukaa."

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na sijakuta aliyeeleza vizuri zaidi.

Baada ya kujua hivyo, alitafuta njia mbili tu, kupunguza wageni wasioalikwa na kupunguza mizigo ya namba zenyewe. Mizigo ilikuwa rahisi. Kila hatua ya hesabu aliiandika pembeni mara tu alipoipata, na kuipa jina, *yote 444*, *mtama 111*, *yaliyobaki 333*, ili asilazimike kuishikilia kichwani. Yale yaliyomhitaji kufikiri sana kila mara, kama vile kugeuza yadi kuwa futi, aliyarudia mpaka yakawa yanatoka yenyewe bila kuchukua nafasi.

Na alibadilisha namna yake ya kusoma. Zamani alikuwa akisoma ukurasa mara tano, akiuona unafahamika, akiridhika. Sasa alikuwa akisoma mara moja, anafunga kitabu, anaandika anachokumbuka kwenye karatasi tupu, halafu anafungua kuangalia alichoacha. Kesho yake anarudia, na baada ya siku tatu anarudia tena. Kwa kufanya hivyo aligundua jambo lililomuuma: kugawanya sehemu kwa sehemu alikuwa hakujui vizuri. Alidhani anakujua kwa kuwa ukurasa ule aliuzoea.

"Kumbe hofu yangu ilikuwa na haki kidogo," akasema. "Ilikuwa inaniambia kuna shimo. Basi na tulizibe."

Wageni wasioalikwa walikuwa wagumu zaidi. Alitaka kuizoea ile hali yenyewe. Kila Jumamosi asubuhi Umulkheir alipanga meza katika chumba cha chini kilichokuwa na dirisha moja la juu, akaweka saa ya mezani yenye kugonga kwa nguvu. Kulthum aliketi kwa saa mbili kamili na maswali asiyoyaona kabla. Mimi nilivaa viatu vyangu vya sikukuu na kutembea nyuma yake. Jumamosi ya kwanza aliacha maswali tisa na akalia. Nilitaka tukomeshe. Umulkheir akanishika mkono nimwache aendelee, akasema, "Mwate. Ataizoea ndia hii akiipita, hataizoea akiikimbia." Jumamosi ya tano aliacha maswali mawili. Ya nane alinikemea kwamba viatu vyangu havina mdundo wa kutosha.

Kabla ya kuketi kila Jumamosi alichukua dakika kumi akaandika kwenye karatasi kila alichokiogopa, bila kupamba wala kusahihisha. Alinionyesha moja: *Naogopa watasema nilidanganya. Naogopa kuwa ni kweli sifai. Naogopa ami yangu atanyamaza mezani.* Hakuwa akiichoma wala kuificha. Aliiacha tu pale ilipo, akaenda mtihanini. Alisema likishakuwa kwenye karatasi halimng'ang'anii sana kichwani. Alijifunza pia kupumua pole pole, akihesabu nne akivuta na sita akitoa, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni. Na moyo ukimpiga alijiambia, "Mwili unajiandaa kwa kazi," badala ya kujiambia, "Nimekwisha." Moyo haukuacha kupiga. Ila haukuwa tena habari ya msiba.

Na mimi nilipewa kazi yangu. Nilikatazwa kutaja mji. Nilikatazwa kutaja marehemu baba yake. "Niulize tu nimelala vizuri," akasema. Usijione mzazi mwema kwa vitisho ulivyovifunga kwa mapenzi. Nilijiona hivyo miaka kumi na tisa, na nashangaa ni watoto wangapi wa watu niliowafunga midomo kwa sauti yangu, nikawaita wavivu.

Nilimfundisha Bwana Pringle hayohayo. Sikutaka. Nilisema aende akazame na *shahidi* wake. Kulthum ndiye aliyenilazimisha. "Ukimnyima unachokijua, utakuwa umefanya alichonifanyia," akasema. Basi nikaweka viti vitatu vitupu mbele yake barazani, na baada ya wiki nikawaomba wazee watatu wa mtaani wavikalie, wamhoji bila kucheka. Mara ya kwanza alitoka jasho hadi shati likamganda mgongoni. Aliniuliza njia hizi nimezipata wapi.

"Kwa mtahiniwa asiyefaa," nikamwambia. Hakuuliza tena.

Siku ya mtihani wa pili nilimsindikiza Kulthum mpaka mlango wa ofisi, nikabaki nje kwenye benchi, chini ya dirisha. Nilimuuliza kama alilala vizuri. Akasema ndiyo. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kulinigharimu.

Niliisikia sauti ya Bwana Pringle, halafu yake, ikiwa ndogo lakini wazi. "Bwana, kabla hatujaanza naomba karatasi ya kufanyia hesabu. Kanuni zilizokuja na mtihani zinairuhusu, nimezisoma. Na ukipenda kutembea, naomba utembee mbele yangu, si nyuma."

Kisha nikasikia droo ikifunguliwa, na karatasi, na baada yake mlio wa kiti kikivutwa. Alikuwa ameketi. Mtu huyo viatu vyake vilinyamaza saa mbili nzima.

Kulthum alinieleza baadaye yaliyotokea ndani. Alisoma maswali yote kwanza, akaanza na yale mepesi matano, mkono ukapata joto. Kwenye swali la kumi na mbili, la kugawanya sehemu, lile giza la zamani likaja. Namba zikawa alama tu, hazisemi kitu. "Nilijua jina lake safari hii," akasema. "Nikaweka kalamu chini. Nikapumua mara nne. Nikaliacha lile swali, nikaenda la kumi na tatu, nikarudi baadaye. Lilikuwa swali la kawaida tu." Mawili hakuyajibu. Alisema hakuyajua, na alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu asemaye hajawahi kufika Kiunga.

Majibu yalikuja mwezi wa kumi na moja. Alikuwa amepata alama sabini na nane kwa mia. Bwana Pringle naye alikuwa amepita wake mwezi uliotangulia, na alileta karatasi ya Kulthum nyumbani kwetu yeye mwenyewe, kwa mguu, amevaa kofia.

"Hongera," akamwambia. "Nimewaandikia wakubwa kwamba mimi ndimi niliyependekeza urudie. Nimewaambia Lamu kuna vipaji ambavyo lazima tuvitafute."

Nilitaka kumjibu. Kulthum akanitangulia.

"Asante kwa barua, bwana. Umewaandikia pia kwamba madaftari yale niliyaandika mwenyewe?"

Alisema faili la mwezi wa pili limeshafungwa. Alisema mambo ya nyuma hayana haja. Akanywa kahawa ya Umulkheir, akaaga, akaenda zake.

Mwezi wa kwanza mwaka 1956 tulirudishiwa chumba. Ubao ulikuwa umepasuka pembeni lakini ulifaa. Kulthum akaita majina. Kati ya ishirini na watatu walikuja kumi na saba.

Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta sita waliobaki, nami nikafuatana naye. Wawili walikuwa wamerudi kwao Pate. Mmoja mama yake alikuwa mgonjwa. Watatu walikuwa wameposwa. Wa mwisho tuliyemwendea alikuwa Rahima binti Hamdun, msichana wa miaka kumi na minne aliyeweza kuandika barua ndefu bila kosa. Mzee Hamdun alitupokea vizuri, akatukalisha.

"Mwalimu, mimi sikuwa na neno na masomo," akasema. "Niliambiwa shule imefungwa, mwalimu hafai. Mtoto alikuwa ameshakaa nyumbani miezi minane. Watu walipokuja kuposa, ningewaambia nini? Nimeshatoa ahadi."

Rahima alikuwa nyuma ya pazia. Tuliona vidole vya miguu yake.

Tuliaga, tukarudi. Tulipofika karibu na chumba cha darasa, nilimwambia Kulthum afurahi, kwamba kumi na saba si haba, kwamba ameshinda.

"Nimefurahi, ami," akasema. "Na nina hasira. Usinitake nichague." Akafungua mlango. Wasichana walisimama. Mwanaarabu, yule aliyekuwa bubu mbele ya wenzake, alikuwa mstari wa mbele. Kulthum aliwaambia waketi, akawagawia kila mmoja karatasi mbili, moja ya majibu na moja ya kuchafua watakavyo, akawaambia leo kuna maswali sita, hayahesabiwi, na atakayekosea atamwonyesha amekosea wapi.

Kisha akavuta kiti, akaketi mbele yao ambapo wote wangeweza kumwona.